Mbege, sigara na ujauzito: kupunguza si kwa namna moja

Ukimuuliza mama mjamzito wa Kilimanjaro kama anakunywa pombe, mara nyingi atasema hapana. Muulize basi kuhusu mbege, naye atakujibu bila wasiwasi kwamba jioni hunywa kidogo. Wala hakudanganyi. Kwake pombe ni bia na gongo, lakini mbege ni ndizi na ulezi, na huenda mama mkwe amemwambia kuwa inaongeza damu na kuleta maziwa. Ndiyo maana sisi wakunga tunapaswa kuuliza kinywaji kwa jina lake, kisha tuulize kiasi.

Tumchukue mama mwenye mimba ya wiki 14 anayekunywa lita mbili za mbege kila jioni. Ukali wa mbege hutegemea mpishi na siku ilizochachuka, lakini tuseme hii ina kilevi cha asilimia 4. Lita mbili zitakuwa na mililita 80 za kilevi halisi, sawa na gramu 64 hivi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20. Kwa hiyo mama huyu anakunywa zaidi ya bia tatu kila siku, ingawa hajawahi kuingia baa. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 kwa saa. Akimaliza kunywa saa mbili usiku, alfajiri kilevi bado kimo katika damu yake.

Kilichomo katika damu ya mama kinamfikia mtoto. Kondo la nyuma huzuia baadhi ya vitu, lakini kilevi hakizuii, na baada ya muda mfupi kiwango katika damu ya mtoto hukaribia kile cha mama. Ini la mtoto bado changa mno kukiondoa, kwa hiyo anategemea la mama yake. Kibaya zaidi, kilevi hubaki pia katika maji ya uzazi, na mtoto huyameza maji hayo.

Mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliyapa jina madhara waliyoyaona kwa watoto wa akina mama waliokuwa wakinywa sana. Watoto hao walikuwa wadogo kwa umbo, wana macho yenye mpasuo mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kati ya pua na mdomo hapana ule mfereji ambao watu wengine wanao. Sura hiyo hutokana na kilevi kilichoingia katika wiki za mwanzo, uso unapojengwa. Ubongo, hata hivyo, hujengwa kwa miezi yote tisa, na watoto wengi walioathirika hawana alama yoyote usoni. Mtoto wa namna hiyo utamkuta darasa la pili. Leo ameelewa hesabu, kesho amesahau kabisa. Hatulii, anachapwa, anaitwa mtukutu. Ubongo ulioumizwa hivyo hauna dawa ya kuurudisha, ingawa mwalimu na mzazi wanaoelewa tatizo wanaweza kumsaidia sana.

Hakuna kiwango cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama katika ujauzito, kwa hiyo lengo ni kutokunywa kabisa. Kwa kuwa ubongo unaendelea kukua, anayeacha katika mwezi wa saba naye anamsaidia mtoto wake. Ila kabla ya kumwambia mama aache leo, kuna swali moja la lazima: je, asubuhi anazimua?

Mama ambaye mwili wake haujaizoea pombe anaweza kuacha siku hiyo hiyo bila hatari. Kazi kubwa kwake ni saa ya jioni na majirani. Ninachokiona kikifanya kazi ni kuwa na kinywaji kingine mkononi saa ile ile, kama togwa iliyopikwa leo (ya siku tatu imeshaanza kuchachuka), na kumwambia muuzaji waziwazi kwamba kliniki wamekataza. Kuhusu damu, vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa kliniki ndivyo vinavyofanya kazi ambayo mbege inasifiwa bure.

Lakini mama anayeamka mikono ikitetemeka, jasho likimtoka, hadi anywe ndipo atulie, huyo asiache ghafla peke yake nyumbani. Siku mbili tatu za kwanza anaweza kupata degedege, kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaweza kumuua yeye na mtoto. Degedege hilo hufanana na kifafa cha mimba; mhudumu asiyejua habari ya pombe anaweza kutibu ugonjwa mwingine. Anatakiwa alazwe, apewe dawa za kutuliza mwili pamoja na vitamini B1, na mapigo ya mtoto yafuatiliwe. Hadi afike hospitali, ni afadhali apunguze kidogo kidogo kuliko kukata mara moja.

Kwa tumbaku mambo ni kinyume. Kuacha sigara ghafla hakumuumizi mjamzito. Arosto ipo, yaani hasira, kukosa usingizi na hamu kali, lakini haisababishi degedege, na siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Kinachodanganya ni kupunguza. Aliyezoea sigara 10 akibaki na 5, mara nyingi huivuta kila moja kwa nguvu zaidi na kuishikilia hadi mwisho, kwa hiyo sumu anayoingiza haipungui kwa nusu.

Sumu yenyewe ni mbili hasa. Nikotini hubana mishipa inayopeleka damu kwenye kondo. Kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na oksijeni hukosa nafasi. Mtoto hukua akiwa na njaa ya hewa. Watoto wa wavutaji huzaliwa na uzito pungufu kwa wastani wa gramu 200 hivi, na hatari ya kuzaliwa njiti, kufia tumboni au kondo kubanduka kabla ya uchungu huongezeka. Tumbo likikakamaa kama ubao na kuuma mfululizo, hata bila damu kuonekana, hiyo ni dharura.

Habari njema ni kwamba gesi hiyo hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili baada ya kuacha. Wanaoacha kabla ya wiki ya 15 huzaa watoto wenye uzito unaokaribia sana ule wa watoto wa wasiovuta. Kwa hiyo panga siku, toa sigara zote nyumbani, na hamu ikija subiri dakika chache ukitembea au ukinywa maji, itapita. Usihamie kwenye ugoro. Hauna moshi, ila nikotini yake inamfikia mtoto vile vile. Na baba anayevuta chumbani anamvutisha mkewe na mwanawe, kwa hiyo sigara yake aivutie nje, mbali na mlango.

Wewe unayesoma haya ukiwa na mimba, na asubuhi mikono hutetemeka mpaka uzimue: usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda hospitali leo, na uwaambie unakunywa nini na kiasi gani.