Dafu, Presha na Figo Zilizochoka

Mgonjwa wa presha anayeambiwa apunguze chumvi mara nyingi huwa ameambiwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi kwenye maharage, ndizi, parachichi, viazi vitamu, mchicha na maji ya dafu. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi hubakiza maji mwilini na kupandisha presha. Potasiamu huzifanya figo ziitoe sodiamu hiyo kwenye mkojo, na pia hulegeza kuta za mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku kutoka kwenye chakula. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 400, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 700, na nusu lita ya maji ya dafu hupita 1,000.

Faida yake si uvumi wa mtaani. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika vijijini China kwa watu karibu 21,000, ambao ama waliwahi kupata kiharusi au walikuwa wazee wenye presha. Baadhi yao walipikia chumvi ambayo robo yake ilikuwa potasiamu kloridi badala ya chumvi ya kawaida, na kiharusi kikapungua kwa asilimia 14. Lakini watu wenye ugonjwa mkubwa wa figo, na wale wanaotumia vidonge vinavyobakiza potasiamu mwilini, hawakuingizwa kwenye utafiti huo. Kwao chumvi ileile ingeweza kuwa hatari.

Sababu ni kwamba karibu potasiamu yote tunayokula hutoka mwilini kupitia figo. Figo nzima huitoa ziada ndani ya saa chache. Figo zilizochoka huiacha ikusanyike kwenye damu, na moyo ndio unaoumia, kwa sababu mapigo yake hutegemea madini hayo yasipungue wala kuzidi. Kipimo cha kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Kikifika 6.5, hiyo ni dharura: moyo unaweza kupiga ovyo au kusimama.

Tuseme kuna mama wa miaka 62, ana kisukari na presha, na figo zake zimebaki na theluthi moja ya nguvu zake. Anatumia losartan, dawa nzuri inayolinda figo, ila inapunguza homoni inayoziamuru figo kutoa potasiamu. Kipimo chake ni 4.8, hana tatizo. Kisha miguu inavimba, anaongezewa spironolactone, ambayo nayo inaizuia homoni hiyohiyo. Magoti yanamuuma, ananunua diclofenac duka la dawa bila kuuliza, nayo inapunguza damu inayofika kwenye figo. Jirani anamwambia dafu linashusha presha, basi anakunywa moja asubuhi na moja jioni. Baada ya wiki mbili kipimo kinaweza kusoma 6.6, ingawa hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingemfikisha hapo. Enalapril, lisinopril na captopril hufanya kama losartan, na hata Septrin hubakiza potasiamu.

Ubaya wa hali hii ni ukimya wake. Wengine huhisi miguu kukosa nguvu, ganzi au moyo kurukaruka. Wengi hawahisi chochote, na mashine ya presha haionyeshi lolote. Inayoonyesha ni damu iliyopimwa maabara, potasiamu pamoja na kreatinini inayoeleza hali ya figo. Anayeanza au kuongezewa dawa hizi apimwe ndani ya wiki mbili hadi nne, na mapema zaidi kama figo zake tayari ni dhaifu.

Mgonjwa wa figo ambaye kipimo chake kimepanda hahitaji kuviacha viazi kabisa. Vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, kisha maji hayo yamwagwe. Sehemu kubwa ya potasiamu huondoka nayo. Kuviloweka tu bila kuchemsha husaidia kidogo sana. Mchuzi wa maji hayo usinywewe. Dafu halina njia kama hiyo, maana potasiamu yake imo kwenye maji yenyewe.

Kama figo zako ni nzima na hutumii dawa hizo, kula maharage na ndizi bila woga. Kama una ugonjwa wa figo, kisukari cha muda mrefu au unatumia vidonge nilivyovitaja, usiviache kwa uamuzi wako, maana presha itarudi na figo zitazidi kuharibika. Nenda na vidonge vyako vyote kliniki, pamoja na vile vya maumivu na vya mitishamba, taja na chumvi unayopikia, kisha uliza: "Potasiamu yangu ilipimwa lini, na ilikuwa ngapi?"