Homa ya siku ya kumi

Saa tisa alasiri, jua la Morogoro bado kali, na mama amejilaza kwenye kochi kajifunika khanga mbili. Anasema anasikia baridi. Binti yake anamgusa shingoni.

"Mama, una joto."

"Ni uchovu tu, mwanangu. Niletee panadoli mbili."

Siku kumi zilizopita alikuwa Dar es Salaam akitundikiwa mzunguko wa pili wa dawa za saratani ya titi: doksorubisini, ile dawa nyekundu inayobadilisha hata rangi ya mkojo, pamoja na saiklofosfamidi. Alirudi nyumbani akatapika siku mbili, akapata nafuu, akaanza hata kufagia uwanja. Sasa hii homa. Anameza panadoli, na saa kumi na moja jasho linamtoka, joto linashuka. Nyumba nzima inapumua.

Mama huyu ni wa mfano. Nimemtunga kwa kuunganisha mambo yanayowapata wengi. Lakini kila hatua aliyopita hadi hapo ndiyo hiyo hiyo wauguzi wa wodi za saratani huisimulia kwa masikitiko, kwa sababu saa mbili alizozipata za nafuu ni saa mbili zilizopotea.

Tumezoea kuambiwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Sina ugomvi na mfano huo, ila unaficha jambo moja: askari hawa hawadumu. Walio wengi kati yao huitwa nyutrofili, na ndio wanaowahi kufika bakteria wanapopenya mahali. Nyutrofili ikishatoka kwenye uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa, huzunguka kwenye damu kwa muda wa siku moja hivi tu. Kwa hiyo uboho haupumziki. Mtu mzima hutengeneza nyutrofili takribani bilioni 100 kila siku.

Dawa za kemo huua chembe zinazojigawa kwa kasi. Chembe za saratani ni za namna hiyo, lakini mbegu za nyutrofili ndani ya uboho nazo ni za namna hiyo. Mgonjwa haoni athari siku ya pili wala ya tatu, kwa kuwa zile zilizokwisha kukomaa bado zipo kwenye akiba na zinaendelea kutoka. Akiba ikiisha, nyuma yake hakuna kinachokuja. Ndiyo maana kwa dawa nyingi pengo hufika chini kabisa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, kisha uboho huamka na kujaza tena kabla ya mzunguko unaofuata. Hali ya kupungukiwa chembe hizi ndiyo nyutropenia. Ikija pamoja na homa, huitwa nyutropenia yenye homa, na hapo shughuli nyingine zote husimama.

Ndugu wengi wakisikia kinga imeshuka hufunga mlango. Wageni marufuku, barakoa kila mtu, matunda mabichi mwiko. Kuosha mikono ni jambo la lazima, na mwenye mafua abaki kwake. Lakini maadui wengi wa mama huyu hawatoki nje ya nyumba, wanaishi ndani yake. Dawa ile ile iliyochoma uboho imechubua pia utando wa kinywa na wa utumbo, kwa sababu nao hujigawa kwa kasi. Vidonda anavyovihisi mdomoni ni sehemu tu ya michubuko iliyoshuka hadi tumboni. Bakteria waliokaa utumboni miaka yote bila kelele, kama vile E. koli na Klebsiela, hupata tundu la kuingilia kwenye damu. Wengine, hasa stafilokoka, hupitia kwenye ngozi pale ilipochomwa kanula. Ndiyo maana kumkataza mgonjwa kila kitu kibichi hakujaonekana kumkinga kuliko kuosha chakula vizuri, na ndiyo maana pia hatakiwi kupigwa enema, kuwekewa dawa ya njia ya haja kubwa, wala kupimwa joto kwa njia hiyo.

Kinachoifanya hali hii iwe ya hatari kuliko inavyoonekana ni hiki. Usaha, kwa sehemu kubwa, ni maiti za nyutrofili. Wekundu, uvimbe na joto la jipu ni dalili za chembe hizo zikiwa kazini. Mtu asiye nazo anaweza kuwa na nimonia na picha ya eksirei ikaonekana safi. Anaweza kuwa na maambukizi ya mkojo bila chembe za usaha kwenye mkojo. Mahali pa kanula pakawa pameoza ndani na juu pana weupe tu. Daktari anayetafuta "homa inatoka wapi" kabla ya kutibu anasubiri dalili ambazo mwili hauna vya kuzitengenezea. Mara nyingi homa ndiyo alama pekee iliyobaki, na panadoli huifuta hiyo moja. Deksamethasoni, inayotolewa kuzuia kutapika, nayo inaweza kuificha. Na wapo, hasa wazee, ambao badala ya homa huwa wa baridi, wakasinzia au wakaanza kuongea yasiyoeleweka. Hao hali yao ni mbaya zaidi.

Madaktari wameweka mpaka: nyuzi 38.3 mara moja, au 38.0 zikidumu kwa saa nzima, kwa kipimo cha mdomoni. Kliniki nyingi hurahisisha: ukifika 38, njoo. Kwapani kipimajoto husoma chini kidogo, kwa hiyo 37.6 ya kwapa pamoja na kutetemeka si ya kupuuzwa.

Turudi Morogoro. Saa mbili usiku homa imerudi, sasa na kutetemeka kwa meno. Binti anakwenda duka la dawa, anarudi na kipimo cha haraka cha malaria. Mistari miwili. Wote wanapata ahueni: kumbe malaria! Mseto unanunuliwa.

Hapa ndipo kwetu ugonjwa huu unapojificha vizuri kuliko huko Ulaya. Kipimo hicho hakikudanganya, ila kimeeleza jambo lililopita. Vipimo vingi vya haraka husoma protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, na mama alitibiwa malaria mwezi uliopita. Hata kama vimelea vingekuwepo kweli usiku ule, kuwa na malaria hakumzuii mtu kuwa na bakteria kwenye damu. Mgonjwa wa kemo hupimwa malaria, na akiwa nayo hutibiwa, lakini antibaiotiki haisubiri jibu hilo.

Saa nane za usiku mama anashindwa kusimama. Bodaboda haifai, jirani anatoa gari. Mapokezi ya hospitali yamejaa, na binti anajua sentensi moja aliyoambiwa na muuguzi kule Dar, anaisema bila hata salamu ndefu:

"Dada, shikamoo, mama yuko kwenye kemo, leo siku ya kumi, ana homa."

Muuguzi anasimama. Foleni inarukwa. Presha ni 88 kwa 50, mapigo ya moyo 128, joto 39.1. Damu inachukuliwa sehemu mbili tofauti kwa ajili ya kuotesha bakteria, nyingine kwa picha kamili ya damu. Dripu inafunguliwa, na antibaiotiki ya mshipani inaingia kabla karatasi yoyote haijarudi kutoka maabara. Lengo ni dakika 60 tangu alipofika mlangoni.

Mtu anaweza kuona huko ni kukurupuka. Zamani ndivyo ilivyoonekana: kwanza uoteshe, ujue mdudu, ndipo utibu. Kuotesha huchukua siku moja hadi tatu, na wagonjwa walikufa ndani ya siku hizo. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani walionyesha, kwa wagonjwa wa saratani ya damu, kwamba kadiri chembe zinavyopungua na kadiri pengo linavyorefuka ndivyo maambukizi yanavyoongezeka. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake wakachapisha matokeo ya kutibu homa hiyo papo hapo kwa antibaiotiki mbili bila kusubiri jibu la maabara, na tangu hapo utaratibu haujarudi nyuma. Mdudu waliyemwogopa zaidi alikuwa Pseudomonasi, na bado anaogopwa. Seftriaksoni, sindano tuliyoizoea kila kituo cha afya, haimwezi. Ndiyo maana miongozo hutaja piperasilini na tazobaktamu, sefepimu, au meropenemu, na presha ikiwa imeshuka huongezwa amikasini au jentamaisini. Hospitali isiyo na dawa hizo haitakiwi kumwacha mgonjwa mikono mitupu: hutoa dozi ya kwanza ya kilichopo, kisha humpeleka mbele.

Karatasi ya maabara inafika alfajiri. WBC, yaani chembe nyeupe zote, ni 0.9, maana yake 900 katika mikrolita moja ya damu. NEUT% ni 22. Hesabu ni ya darasa la saba: 900 mara 22 gawa kwa 100, jibu 198. Chini ya 1,500 ni nyutropenia. Chini ya 500 ni kali. Chini ya 100 ni ya kutisha. Mama ana 198.

Niseme neno kuhusu ile 1,500, kwa sababu huwatia watu hofu bure. Waafrika wengi huishi na nyutrofili chache kwenye damu kuliko vitabu vya Ulaya vinavyotaka, bila kuugua lolote. Chanzo ni chembe zao nyekundu kukosa alama ya urithi iitwayo Dafi, ukosefu ambao huwakinga pia na aina ya malaria iitwayo vivaksi. Mtu mzima mwenye afya akionyeshwa 1,200 asikimbie kujiita mgonjwa, na mgonjwa wa saratani asicheleweshewe dawa kwa tarakimu hiyo peke yake bila daktari kuangalia kawaida yake ilikuwaje. Ila 198 ni 198 kwa kila mtu.

Siku ya pili maabara inasema E. koli imeota. Mdudu wa tumbo lake mwenyewe. Homa inakata siku ya tatu. Kama ingeendelea wiki bila kukata, madaktari wangeanza kufikiria fangasi. Siku ya kumi na tano nyutrofili zinafika 800, na vidonda vya mdomo vinaanza kufunga. Kwa mzunguko wa tatu daktari ana njia mbili: kupunguza dozi, au kumpa sindano za filigrastimu kuanzia siku moja hadi tatu baada ya kemo, zinazosukuma uboho ufanye kazi haraka na kuuma mifupa kidogo. Kwa kuwa wanataka kuponya, wanachagua sindano na kuacha dozi kama ilivyo.

Safari hii binti amezungushia kalamu kwenye kalenda, kuanzia siku ya saba hadi ya kumi na nne. Kipimajoto cha dijitali kiko juu ya friji, panadoli imehamia kabatini kwake. Siku ya kumi asubuhi kinasoma 36.7, jioni 36.8.

"Sasa kachumbari naruhusiwa?" mama anauliza.

"Nikiiosha mwenyewe, mama."