Mkono Unataka Kupigana, Gemu Inataka Kusimulia

Kuna mchezaji wa aina moja utakayemkuta karibu kila mahali watu wanapokaa na pedi mkononi. Anaipenda God of War Ragnarök kwa jinsi Kratos anavyopiga, lakini Kratos akianza tu kuzungumza na mwanawe Atreus, yeye anachukua simu na kuangalia mambo mengine. Akiwa kwenye kibanda cha gemu anakolipia kwa saa, anakasirika zaidi, maana hela inakwenda huku baba na mwana wanapatana.

Wenzake humwambia abonyeze tu aruke sinema. Ushauri huo haumfikishi mbali, na sababu iko katika namna gemu yenyewe ilivyojengwa. God of War ya 2018, iliyoongozwa na Cory Barlog, ilitengenezwa kana kwamba kamera moja inamfuata Kratos tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Ragnarök, iliyotoka Novemba 2022, ikaendelea na mtindo huohuo. Kwa kuwa picha haikatwi, hakuna skrini ya kusubiri mashine ipakie eneo jipya. Badala yake Kratos anajibana polepole kupita kwenye ufa wa mwamba, anapiga kasia, anakwea ukuta, na wakati huo wote kuna mtu anamsimulia jambo. Hiyo si sinema kwa hesabu ya gemu, kwa sababu wewe ndiye unayesukuma kijiti. Hakuna kitufe cha kuiruka.

Ndiyo maana God of War ya 2018 ilipopata New Game Plus mwezi Agosti mwaka uleule, na pamoja nayo ruhusa ya kuruka sinema, malalamiko hayakwisha. Zilizoondoka ni sinema. Safari na maongezi ya njiani yalibaki.

Sehemu inayoonyesha hili vizuri kuliko zote ni Ironwood katika Ragnarök. Unamchukua Atreus, anakutana na msichana Angrboda, mnapanda mnyama mkubwa mwenye manyoya, mnachuma matunda, mnaangalia michoro. Mapigano yapo, ila ni machache na yametawanyika. Wapo wanaoisifu sehemu hiyo kwa utulivu wake, na mimi nawaelewa. Lakini aliyekuja kwa ajili ya shoka anajiona kama amealikwa kwenye ngumi akakuta kikao cha posa.

Kabla ya kumtafutia gemu nyingine, inafaa kuuliza ni nini hasa anachokipenda katika kupigana kwa Kratos. Neno “mapigano” ni pana mno. Wauzaji na marafiki hulichukua hivyohivyo, wakamtajia gemu yoyote yenye panga na majitu, naye akarudi amenuna.

Tazama kinachotokea mkononi. Unashika L2 kulenga, unabonyeza R2, shoka la Leviathan linaruka na kumgandisha adui aliye mbali kwa barafu. Sasa Kratos hana silaha, kwa hiyo anawapiga walio karibu kwa ngumi, na ngumi zinajaza mstari wa kulewesha haraka kuliko shoka. Ukijaa, unabonyeza R3 na Kratos anammaliza kwa namna ya kutisha. Halafu unabonyeza pembetatu, shoka linarudi, linamkata aliyesimama njiani, na pedi inatikisika linapotua kiganjani. Utamu wa hapo hautokani na nguvu peke yake. Unatokana na kushughulika na pande mbili kwa wakati mmoja, huku silaha ikiwa mbali na wewe.

Mtu anayependa hilo anaweza kuanzia palepale alipo bila kununua kitu. Desemba 2023 Ragnarök iliongezewa sehemu iitwayo Valhalla, bure kwa kila aliye na gemu hiyo. Inafunguliwa kutoka menyu kuu, hata kama hujamaliza hadithi. Unaanzia ufukweni ukiwa na silaha zote tatu, yaani shoka, mapanga ya minyororo na mkuki. Unaingia chumba, unapigana, unachagua zawadi, unaingia kingine. Ukifa, unarudishwa ufukweni kuanza upya. Hadithi ipo pia, tena inagusa maisha ya zamani ya Kratos kule Ugiriki, ila inakuja kwa vipande kati ya jaribio na jaribio. Kasoro yake ni kwamba haina subira ya kukufundisha. Asiyezijua bado silaha zote ataelemewa mwanzoni, na ni heri ashushe kiwango cha ugumu, viko vitano.

Akishaimaliza Valhalla, ninayempendekezea ni Hades ya Supergiant, iliyokamilika mwaka 2020, ingawa kwa macho hazifanani kabisa. Kamera iko juu, wahusika ni wadogo. Lakini chukua mkuki wake, Varatha: unaurusha, unakaa kule ulikoangukia, unabonyeza tena, unarudi ukiwachoma walio njiani. Ni wazo lilelile la shoka. Zagreus akifa anarudi nyumbani kwa baba yake, ambako watu wanataka kuzungumza naye. Wengi wao unaweza kuwapita, ukaenda moja kwa moja uani kuchukua silaha na kutoka tena.

Mwingine atasema shoka halimshughulishi. Anachopenda ni ule mlio wa ngao anapoipokea pigo kwa wakati wake. Huyo aende kwenye Sekiro ya 2019, ambako karibu mapigano yote yamejengwa juu ya kukinga kwa L1 upanga unapofika, mpaka adui apoteze msimamo. Sinema zake ni fupi na zinarukwa. Ajue tu kwamba hakuna kuchagua ugumu, na upanga ni mmoja mpaka mwisho.

Kwa anayependa kuunganisha mapigo marefu, Devil May Cry 5, ya 2019 pia, ina sinema nyingi, lakini imegawanywa katika misheni 20, na sinema zinarukwa. Ukimaliza misheni, inayofuata inakuweka karibu na vita. Misheni zikikatwa hivyo, msanifu hana haja ya kukutembeza kwenye nyufa za mwamba.

Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta kabla ya kutoa hela. Tangazo likisema sinema zinarukwa, halijasema lolote kuhusu matembezi ya maongezi. Fungua YouTube, tafuta video ya mtu anayecheza bila kukata wala kusimulia, ruka hadi katikati ya gemu, si mwanzoni, kwa sababu mwanzo wa gemu nyingi ni wa maelezo hata kwa zile zisizo na hadithi ndefu. Angalia mchezaji akitoka pambano moja hadi jingine. Kama mara kwa mara anasukuma kijiti mbele tu huku maandishi ya mazungumzo yakipita chini ya skrini, umeshapata jibu.

Video ileile itakuonyesha pia kitu kingine ambacho wapenzi wa mapigano husahau kukikagua. Nioh 2 ya 2020 ina mapigano mazito kuliko karibu zote nilizotaja, misheni unazichagua kwenye ramani, na sinema zinarukwa. Lakini kila adui anadondosha panga, kofia na viatu, na baada ya misheni moja mfuko umejaa. Utaona mchezaji amesimama kwenye menyu, analinganisha namba za kofia mbili, anauza, anavunjavunja, anapanga. Muda aliouokoa kwenye hadithi unaishia hapo.