Ubeti Mmoja, Sekunde 15

Ukitaka kuugeuza utenzi kuwa video ya kughani, usianze na picha. Anza na sauti. Tuchukue Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoomboleza fahari ya Pate iliyopotea. Kila ubeti una mishororo 4 ya mizani 11, yaani mizani 44. Mghani asiye na haraka hutamka mizani kama 3 kwa sekunde, basi ubeti unachukua sekunde 14 na nusu hivi. Ukiongeza pumzi, zinatimia 15. Video ya dakika moja inabeba beti 4 tu. Zirekodi kwanza, ndipo uchore jedwali la skripti: kushoto maneno na sekunde zake, kulia picha.

Upo ubeti unaokumbuka taa za shaba na za kioo zilizoufanya usiku ung'ae kama mchana. Wengi hapo wataonyesha taa. Lakini neno limeshaitaja taa, na picha ikiitaja tena mtazamaji hana la kuwaza. Mimi ningeandika safu ya kulia hivi: ndani ya gofu, mchana, ukuta wa mawe ya matumbawe, jua linaingia pale paa lilipokuwa. Picha moja, isikatwe mpaka ubeti uishe. Sikio linapata fahari, jicho linapata kilichobaki.

Ubeti wa vidaka unataka namna nyingine, kwa sababu mshairi mwenyewe anaeleza uharibifu: palipopangwa visahani sasa wamelala makinda ya ndege, na bundi analia ndani ya nyumba. Kwa mishororo 2 ya kwanza, kidaka kimoja kwa karibu sana, vumbi na vijiti vya kiota. Kwa 2 ya mwisho, kamera irudi nyuma taratibu, ukuta mzima uonekane, vidaka safu kwa safu, vyote vitupu. Bundi asionekane wala asisikike. Sauti ya mghani inamtosha.

Anapouhutubia moyo wake, usihangaike kutafuta mfano wa moyo. Uso wa mghani unatosha.

Mahali pa kukata picha panaamuliwa na vina. Mishororo 3 ya kwanza ina kina kimoja, na wa 4 hubeba kina kinachorudi katika utenzi mzima. Sikio hukingoja. Picha ikibadilika kabla hakijatua, ubeti unakatika vipande. Iache ikae hadi kina hicho kipite, kisha nusu sekunde ya kimya.

Ukimaliza, zima sauti utazame. Ukiweza kubahatisha maneno ya kila ubeti, picha zako zinarudia shairi. Rudi kwenye safu ya kulia. Na ukienda Pate kupiga picha, magofu yako katikati ya mashamba ya watu: omba ruhusa kwanza, na upige asubuhi au alasiri, maana jua la utosini hufuta vivuli na vidaka havionekani vina kina gani.