Sifuri sita, chipu sita

Kristali iliyoandikwa 1.000 MHz, ikiwekwa kwenye saketi yake, hutoa mapigo milioni moja ya umeme kila sekunde. Saa ya mezani inahitaji pigo moja tu. Kazi ya fundi ni kuwatoa wale 999,999 bila kumkosea hata mmoja, na kifaa chake ni kaunta ya kumi: chipu inayopokea mapigo kumi na kutoa moja.

Anayejua mita ya maji ya zamani ameshaiona kazi hii. Gurudumu la kwanza likimaliza tarakimu zake kumi, linasukuma la pili hatua moja. La pili likimaliza, linasukuma la tatu. Kaunta nazo huungwa mnyororo hivyo hivyo, tokeo la moja likiwa ingizo la inayofuata. Megahezi moja ikipita ya kwanza inabaki 100,000, ya pili 10,000, ya tatu 1,000, ya nne 100, ya tano 10, ya sita 1. Kwa hiyo hesabu ya hatua ni kuhesabu sifuri: milioni ina sita, kaunta ni sita. Kristali ya megahezi 10 ingedai saba. Ya megahezi 4 haitoki kwa makumi peke yake. Igawe kwanza kwa nne, ndipo uweke zile sita.

Hadi hapo ni hesabu ya darasa la nne. Ugumu umo ndani ya chipu yenyewe. Chukua 7490, ambayo mafundi wengi wamejifunzia. Ukiitazama kwa nje ni kaunta ya kumi, lakini ndani ni kaunta mbili zisizounganishwa: moja inagawa kwa mbili, nyingine kwa tano. Ya kwanza inaingilia mguu wa 14 na kutokea wa 12. Ya pili inaingilia mguu wa 1 na kutokea wa 11. Kumi inapatikana pale tu unapovuta waya mfupi kutoka mguu wa 12 kwenda wa 1, kisha ukaleta mapigo mguu wa 14 na kuyachukua wa 11.

Ukiusahau waya huo kwenye chipu moja, na mapigo ukayaleta moja kwa moja mguu wa 1, chipu hiyo itagawa kwa tano, na taa ya LED ya mwisho itawaka mara mbili kwa sekunde. Hesabu miwako kwa dakika nzima huku ukitazama saa unayoiamini: ukipata 120 badala ya 60, kuna tano mahali panapotakiwa kumi. Aliyekosea chipu zote sita anaona jambo la ajabu zaidi. Tano kwa kipeo cha sita ni 15,625, na milioni ukiigawa kwa hiyo unapata 64 kamili. Taa inayowaka mara 64 kwa sekunde, jicho huiona imetulia, na fundi anadhani saketi haifanyi kazi kabisa, ilhali inakimbia.

Taa isiyopepesa ina sababu nyingine pia. Miguu ya 2 na 3 hurudisha hesabu kwenye sifuri, na ya 6 na 7 huipeleka kwenye tisa. Chipu za ukoo huu husoma mguu unaoning'inia kana kwamba una umeme. Miguu ya 2 na 3 ikiachwa hewani, kaunta inaganda kwenye sifuri na taa ya mguu wa 11 haiwaki. Ya 6 na 7 ikiachwa, inaganda kwenye tisa na taa haizimi. Yote minne iungwe kwenye hasi. Hasi ya chipu hii iko mguu wa 10 na chanya mguu wa 5, si pembeni kama ilivyo kwa chipu nyingi, na wageni huunguza chipu hapo.

Mambo yote yakiwa sawa, usishangae taa kuwaka muda mfupi. Mguu wa 11 una umeme kwenye hesabu ya nane na ya tisa tu, yaani sehemu mbili kati ya kumi za sekunde. Ukitaka nusu kwa nusu, geuza mpangilio kwenye chipu ya sita pekee: mapigo yaingie mguu wa 1, waya utoke wa 11 kwenda wa 14, na taa ikae mguu wa 12. Tano kwanza, mbili baadaye; kumi ni ile ile.

Kaunta hazirekebishi kosa la kristali. Ikiwa inakosea mapigo 50 katika kila milioni, pigo lako la sekunde litakosea kwa kiasi kile kile, na saa itapotea zaidi ya sekunde nne kwa siku, kama dakika mbili kwa mwezi.