Alamu ya Dawa Kwenye Simu ya Mzee

Bahasha ya dawa inayotoka dirishani kwa mfamasia huandikwa kwa ufupi sana: 1x1, 1x2, 2x3. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya vidonge vya kumeza kwa mkupuo, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Saa haitajwi. Anayemwekea mzee wake alamu ndiye atakayezigeuza alama hizo kuwa saa, na kazi kubwa ni hiyo. Kubonyeza simu kwenyewe ni suala la dakika chache.

Shangazi yangu anaishi Tanga, na umri wake umeshavuka miaka 70. Ana dawa mbili. Ya presha ni amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Ya sukari ni metformini ya miligramu 500, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Dawa hizi hutumiwa na wazee wengi, lakini tabia zake hazifanani. Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo ikichelewa saa moja au mbili hakuna kubwa litakaloharibika, mradi imezwe kila siku. Wala haijali kama mtu amekula au hajala. Metformini inataka chakula. Ikikuta tumbo tupu huleta kichefuchefu na kuharisha, na mzee akishaumwa tumbo mara mbili tatu huanza kuiruka bila kumwambia mtu. Alamu ya metformini, basi, ifuate sahani.

Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mzee halihusu dawa. "Shangazi, chai unakunywa saa ngapi?" Jibu lake lilikuwa saa mbili na nusu, baada ya kufagia uwanja. Na cha usiku? "Nikishaswali isha, mwanangu. Kabla ya hapo sili." Kutokana na majibu hayo tulipata nyakati mbili tu: saa mbili na nusu asubuhi, na saa mbili na robo usiku. Amlodipini tuliiunganisha na metformini ya asubuhi, zimezwe pamoja. Ingewezekana kuipa alamu yake ya tatu, lakini simu inayolia mara nyingi huzoeleka masikioni, na mzee akiizoea huizima bila hata kuitazama.

Hapa pana mtego unaotupata sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko. Saa mbili na nusu asubuhi kwenye simu ni 8:30, na saa mbili na robo usiku ni 20:15. Mjukuu mwenye haraka huandika 2:30 kama alivyoambiwa, na simu ikamwamsha bibi usiku wa manane. Kosa la pili ni la AM na PM: alamu ya usiku ikawekwa 8:15 AM, halafu zote mbili zikalia asubuhi. Dawa ya makosa haya ni kufungua mipangilio ya simu, kwenye Date & time, na kuwasha Use 24-hour format. Baada ya hapo 8:30 haiwezi kuwa ya usiku.

Programu ninayoitumia ni ile ya saa, Clock, na kwa maelezo haya ninazungumzia ile ya Google iliyomo kwenye simu nyingi za Android. Zipo programu maalumu za dawa, lakini simu nyingi za bei nafuu huzima programu za kupakua ili kutunza betri, na mzee hatajua kwamba yake imezimwa. Ingia Clock, gusa Alarm, kisha alama ya kujumlisha, uchague saa. Chini yake utaona herufi za siku za wiki. Gusa zote saba, moja moja, mpaka zote ziwake rangi. Usipozigusa, alamu italia mara moja tu kisha itajizima, na hili ndilo kosa linalotokea zaidi ya yote: siku ya kwanza inalia, kila mtu anafurahi, siku ya pili kimya.

Kisha andika Label, yaani maneno yatakayotokea kwenye kioo alamu ikilia. Mimi niliandika: "Kula kwanza. Kopo jeupe 1, kopo la bluu 1." Nilitaja makopo kwa makusudi. Usitaje rangi ya kidonge, kwa sababu dawa ileile ikitoka kiwanda kingine huja na rangi au umbo jingine, na mwezi ujao mzee atatafuta kidonge cha manjano ambacho hakipo. Kopo ni lako, halibadiliki.

Kama mzee hasomi, au macho yameshachoka, sauti inafanya kazi kuliko maandishi. Rekodi kwa simu sauti ya mtu anayempenda akisema maneno machache polepole. Kisha kwenye alamu gusa alama ya kengele, nenda Your sounds, gusa Add new, uichague ile rekodi. Shangazi husikia sauti ya mjukuu wake: "Shikamoo bibi. Kula, halafu umeze dawa, kopo jeupe na kopo la bluu." Faida ya pili ni kwamba sauti hii haifanani na mlio wa simu wala wa ujumbe, kwa hiyo hata akiwa jikoni anajua ni ya dawa.

Sasa tuje kwenye vitufe viwili ambavyo naona ndivyo vinavyoamua kama alamu itafaa au haitafaa. Simu ikilia huonyesha Snooze na Stop. Snooze hunyamazisha kwa muda, kisha simu hulia tena. Isipobadilishwa, hurudi baada ya dakika 10. Stop humaliza kabisa mpaka kesho. Mzee aliyeshika mwiko hubonyeza chochote ili kelele ikome, na akigusa Stop kabla ya kumeza, dozi ile imekwenda. Kwa hiyo tulikubaliana na shangazi kanuni moja: Stop haiguswi mpaka dawa imeshuka kooni. Kumsaidia mkono, fungua mipangilio ya Clock, tafuta Volume buttons, uchague Snooze. Hapo akibonyeza kitufe cha sauti cha pembeni bila kutazama, simu inaahirisha tu. Katika mipangilio hiyohiyo kuna Silence after, inayosema alamu ilie muda gani kabla ya kunyamaza yenyewe. Niliiongeza ikawa dakika 20, kwa sababu mtu mzima hatoki uani kwa kukimbia. Hakikisha pia Alarm volume iko juu. Sauti ya alamu hurekebishwa peke yake, mbali na ile ya simu inayoita.

Hata hivyo simu haijui kama dawa imemezwa. Inajua tu kwamba imelia. Kujua yaliyotokea lazima uhesabu vidonge. Shangazi alianza na metformini 60 na amlodipini 30. Jioni ya siku ya 14, baada ya dozi ya usiku, metformini zilitakiwa zibaki 32 na amlodipini 16. Amlodipini zilikuwa 16 kamili. Metformini zilikuwa 37. Hesabu hiyo inasema mengi: kwa kuwa amlodipini humezwa asubuhi na imekwenda sawasawa, asubuhi hana tatizo. Dozi tano zilizobaki ni za usiku.

"Shangazi, usiku simu unaiweka wapi?" Aliiweka sebuleni kwenye chaji tangu magharibi, naye anakula uani. Ilikuwa ikilia peke yake mpaka inanyamaza, na kwenye kioo ilikuwa inaacha taarifa, Missed alarm, ambayo yeye aliifuta akidhani ni tangazo la mtandao. Tulihamisha chaji ikawa ya mchana, na usiku simu inakaa kwenye meza ileile yenye makopo. Nikamnunulia na kisanduku chenye vyumba vya siku saba, asubuhi na usiku. Chumba kikiwa bado na kidonge, dozi haikumezwa, hata kama yeye ana hakika aliimeza. Bila kisanduku mzee mwenye mashaka huweza kumeza mara ya pili, na hilo ni baya kuliko kuruka. Dozi iliyopita haifidiwi kwa kumeza mbili pamoja. Kuhusu dawa yoyote nyingine, muulize mfamasia mapema nini kifanyike ikisahaulika, uandike jibu kwenye kopo.

Mwenye simu ya kitochi naye hajakosa. Nyingi zina alamu zaidi ya moja, na mahali pa kurudia huandikwa Daily au Everyday badala ya Once. Jihadhari na betri: baadhi ya simu hizi zikitolewa betri saa yake huanza upya, na alamu ikalia wakati usio wake. Kila ukimtembelea mzee, tazama kwanza kama saa ya simu ni sahihi.

Zipo dawa ambazo alamu ya kila siku ni hatari kwake. Methotreksati ya maumivu ya viungo kwa kawaida humezwa mara moja kwa wiki, na ikimezwa kila siku inaweza kuua. Kwa dawa ya namna hiyo gusa herufi ya siku moja tu, na uitaje siku hiyo kwenye Label. Dawa ya sukari inayoshusha kwa nguvu, kama glibenklamidi, haimezwi na mtu asiyekula, kwa hiyo maneno "Kula kwanza" hapo yana uzito zaidi. Na Ramadhani ikikaribia, mzee anayefunga aonane na daktari kabla, kwa sababu dozi na saa zote huweza kubadilika, zikaenda futari na daku. Shangazi akishapewa mpangilio wake, mimi huzima alamu za kawaida bila kuzifuta, naweka nyingine zenye neno "Ramadhani" mwanzoni, na siku ya Idi nazigeuza.

Alamu ya mwisho naiweka kwenye simu yangu mwenyewe. Vidonge 60 vya kumeza viwili kwa siku vinakwisha siku ya 30, kwa hiyo kwenye kalenda ya simu naandika siku ya 23: "Dawa za shangazi zinunuliwe." Wiki moja inatosha kutuma fedha, kumpata mtu wa kwenda famasia, na kutafuta duka jingine ikiwa dawa imekosekana.