Poleni kabla ya asanteni

Chukua kampuni inayouza vipuri vya magari. Imehamisha stoo yake yote kwa wikiendi mbili, na Jumatatu meneja anabandika ubaoni:

“Kwa niaba ya menejimenti, napenda kuchukua fursa hii kuwashukuru wafanyakazi wote kwa juhudi zenu zilizowezesha zoezi la uhamishaji wa stoo kukamilika kwa mafanikio. Tuendelee kujituma.”

Hakuna tusi humo, lakini hakuna mtu pia. Futa “uhamishaji wa stoo”, uandike “sherehe za Mei Mosi”, na tangazo litasomeka vilevile. Zoezi “limekamilika”, kana kwamba maboksi yalijibeba. Na ile “tuendelee kujituma” inawapa kazi mpya watu ambao migongo bado inawauma.

Tiba haimo kwenye maneno matamu zaidi. Kabla ya kuandika upya, meneja aende akakae na waliokuwepo awaulize: wapi palikuwa pagumu, na nani alifanya nini hapo? Halafu aanze pale ambapo Mswahili yeyote huanza akimkuta mwenzake ametoka kwenye kazi nzito, yaani kwa pole. Asante peke yake hutaja faida aliyoipata mshukuruji. Pole hukiri kwamba mwenzako ameumia.

“Ndugu zangu, poleni sana. Jumamosi ya pili lori lilifika saa kumi jioni badala ya saa mbili asubuhi, kwa sababu nilichelewa kusaini malipo. Mkashusha mizigo hadi usiku kwa kosa langu, naomba radhi. Mtunza stoo aliandika namba ya rafu kwenye kila boksi kabla halijapakiwa, ndiyo maana leo mteja wa kwanza amepata beringi yake bila sisi kufungua boksi la pili. Umeme ulipokatika, mlinzi wa usiku alitumulikia tochi mpaka boksi la mwisho, na hiyo si kazi aliyoajiriwa kuifanya. Asanteni. Ijumaa hatufungui, nimeshaweka kwenye ratiba.”

Mimi hapa nimetaja vyeo. Meneja ataje majina. Ila majina yana hatari yake: ukiwataja wanane kati ya tisa, wa tisa ataikumbuka barua hiyo kuliko wote. Pitia daftari la mahudhurio, usitegemee kumbukumbu. Kosa lako litaje wazi, lakini la mfanyakazi usiliguse, hata kwa utani. Hilo lina mahali pake, na si ubaoni.

Kuna jambo moja ambalo barua haiwezi kulitibu. Kama posho ya wikiendi hizo mbili haijalipwa, kila sentensi nzuri itasomwa kama njia ya kukwepa deni. Ilipe kwanza, ndipo ubandike barua.